Masaa Matatu Kasoro Dakika Sita

Nilijifunza kuandika programu za kompyuta peke yangu, ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kuniambia nisichokijua. Huo ndio utamu wa kujifundisha. Mwalimu na mwanafunzi wanalingana ujinga, kwa hiyo hawagombani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kuhangaika. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, wakati hakuna tena cha kufanya. Programu zangu nazipanga mistari ikae sawa kama kanga kwenye kamba, na mstari ukizidi mwenzake kwa herufi moja silali vizuri. Mtu wa namna hiyo ungedhani hawezi kukosea jambo la kijinga. Ungedhani vibaya.

Tulikuwa tunakaa Manzese, mimi na mama mdogo, katika vyumba viwili nyuma ya barabara ya Morogoro. Yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa mama lishe. Alipika wali, maharage na mchicha kando ya barabara, na mgambo walipopita alibeba sufuria zake motomoto, akajificha nyuma ya gereji mpaka wapite. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mingi hata akawa anawajua mgambo kwa miguno yao. Mmoja alikuwa mteja wake. Alikuwa anakula kwanza, halafu anamfukuza.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba lile jengo kubwa la zamani mtaani kwetu litageuzwa soko dogo lenye vizimba arobaini, mama mdogo hakuzungumza kingine tena. Jengo lile lilikuwa duka la ushirika enzi za Ujamaa. Wazee wanasema watu walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni hapo tangu giza, na asiyetaka kusimama aliweka jiwe mahali pake, akaenda zake. Jiwe likasimama kwa niaba yake na kila mtu akaliheshimu. Duka lilipokufa, jengo likabaki na vitu viwili vya kukumbukia: kaunta ndefu ya mninga, na saa ya ukutani ambayo mwenyekiti wa kamati ya soko, mzee mmoja mwenye kofia ya mkono iliyoshonwa vizuri kuliko sera yoyote ya kamati yake, aliitunza kama mtoto wa mwisho.

Kamati iliamua vizimba vigawiwe kwa haki. Haki maana yake ilikuwa aliyewahi ndiye apate. Watu wangeweza kujiandikisha kwa njia mbili: kaunta, mbele ya dada mmoja aliyekaa na kompyuta, au kwa simu, kupitia mtandao. Milango yote miwili ingefunguliwa asubuhi moja, saa moja kamili. Jioni majina yangeunganishwa, yapangwe kwa wakati wa kujiandikisha, na arobaini wa kwanza wawe na kizimba.

Na nani wa kuiandika programu hiyo? Kijana wa mtaani, aliyejifunza mwenyewe, anayekubali kulipwa kwa chai na ahadi. Nilifurahi mno. Niliiandika ndani ya majuma machache, nikaijaribu kwenye kompyuta yangu mara nyingi kuliko inavyofaa kuungama. Nilijiandikisha kama Asiye na Jina wa Kaunta, kisha kama Asiye na Jina wa Simu, na kila mara aliyetangulia alitokea juu. Safi kabisa. Hata rangi ya vitufe niliibadilisha mara tatu, maana kuna kijani kinachotuliza watu na kijani kinachowaudhi.

Nilichosahau kukiwaza ni hiki. Kwenye kompyuta yangu, kaunta na simu zote zilisoma saa ileile, saa ya kompyuta yangu, ambayo ilikuwa ya Dar es Salaam. Siku ya kazi yenyewe saa zingekuwa mbili tofauti. Mashine ya kaunta ingekaa jengoni, na kwa kuwa intaneti ya jengo ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni wa mfungo, ingejiandikia majina yenyewe na kuyatuma yote jioni. Majina ya simu yangeingia moja kwa moja kwenye seva niliyokodi, ambayo iko nchi ya mbali nisiyoijua hata kwa ramani. Seva za namna hiyo haziwekwi saa ya nyumbani kwa mtu. Zinafuata saa ya dunia, ambayo sisi wa Dar tumeitangulia kwa masaa matatu. Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, yaani 07:00, kwenye seva imeandikwa 04:00.

Na mimi niliiambia kila mashine jambo moja tu: andika sasa ni saa ngapi. Kila moja ikajibu kwa ukweli, kwa lugha ya kwao, bila kutaja kwao ni wapi. Mashine hazidanganyi. Mjinga ndiye anayezikutanisha bila mkalimani.

Asubuhi ya kujiandikisha mama mdogo aliamka kabla ya adhana. Alifika jengoni akakuta watu wamekumbuka mila za ushirika kwa haraka ya ajabu: mawe, makopo ya rangi, ndala moja ya kushoto, vyote kwenye foleni, wenyewe hawaonekani. Akaweka sufuria yake ndogo nyuma ya tofali.

"Tofali la nani hili?" aliuliza, kama alivyonisimulia baadaye.

Akajibiwa, "Mwenyewe kaenda kusali."

"Na hili kopo?"

"Mwenyewe naye kaenda kusali."

"Mtaa una wacha Mungu huu, sikuwa najua."

Mlango ulipofunguliwa, wenye mawe wakatokea kama ambao hawakuwahi kuondoka. Dada wa kaunta alikuwa mwepesi wa vidole lakini mwenye maswali mengi, kwa hiyo foleni ilikwenda kwa mwendo wa harusi. Hata hivyo mama mdogo aliandikishwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Alirudi nyumbani akicheka, akapika pilau siku ya kazi. Alikuwa ameshahesabu vichwa vya waliomtangulia, akaona kizimba ni chake. Waliojiandikisha kwa simu hakuwahesabu, kwa kuwa hakuwaona. Simlaumu. Hata mimi niliyewajengea mlango sikuwahesabu.

Jioni mashine ya kaunta ilipata mtandao, ikatuma majina yake. Programu yangu ikayaunganisha, ikayapanga kwa wakati, na kesho yake asubuhi mwenyekiti akabandika orodha ukutani.

Hapakuwa na mtu wa kaunta hata mmoja kati ya arobaini.

Naomba niirudie, kwa kuwa siku ile niliirudia kichwani mpaka nikahisi homa. Watu waliosimama tangu alfajiri, wenye mawe na wasio na mawe, wote walikuwa chini. Juu kulikuwa na waliojiandikisha wamelala kitandani, simu ikiwa juu ya kifua. Wa kwanza kabisa alikuwa fundi simu mmoja wa hapohapo Manzese, kijana mpole mwenye kibanda cha mwavuli, na mbele ya jina lake pameandikwa 04:02.

Watu wakaisoma namba ile, kila mmoja kwa elimu yake.

"Saa kumi na dakika mbili alfajiri," alisema baba mmoja muuza viatu vya mitumba. "Mlango ulikuwa umefungwa. Huyu aliandikishwa na nani? Na popo?"

"Wamepewa mlango wa nyuma," mwingine akasema.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Tulieni. Hapa pameandikwa nne. Saa nne. Yaani hawa wamekuja saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Nyie mmekuja saa moja." Akanigeukia. "Sasa kijana, wa saa nne anakuwaje juu ya wa saa moja?"

"Siyo saa nne, mzee," nikasema.

"Ni saa kumi, basi?"

"Wala siyo saa kumi."

"Nne siyo nne, na siyo kumi. Ni ngapi?"

"Ni saa moja," nikasema, maana kichwani nilikuwa nimeanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo.

Muuza viatu alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuokota makaratasi barabarani.

Sasa, marekebisho yenyewe yalikuwa rahisi. Seva iliandika 04:02 kwa saa ya dunia. Ongeza masaa matatu, unapata 07:02 ya hapa. Wapange upya. Nilifanya hivyo kwenye kompyuta yangu palepale, na orodha ikajichanganya vizuri, kaunta na simu, kama ilivyopaswa. Mama mdogo akatokea nafasi ya thelathini na nane.

Hapo ndipo nilipogundua shida yangu ya pili. Mtaa mzima ulijua mimi ni mtoto wa nani.

"Enhe," alisema muuza viatu, ambaye orodha mpya ilimpandisha naye, lakini hakutaka kuachia raha ya kulalamika. "Yaani asubuhi mama yako alikuwa chini. Sasa umeongeza masaa kwa wenzake, kapanda. Hongera, hesabu zako zina upendo."

Fundi simu, ambaye sasa alikuwa ameshuka toka nafasi ya kwanza, hakuwa mkali. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza nauli. "Braza, mie sibishi. Lakini kwa nini matatu? Kwa nini siyo mawili? Kwa nini siyo matano?"

Swali zuri. Nilianza kumweleza kuhusu jua, na dunia inavyozunguka, na mistari ya ramani. Nilikuwa nimefika kwenye mistari ya ramani nilipoona kwamba kati ya watu wote pale, aliyekuwa bado ananisikiliza ni mimi. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, akinitazama kwa uso ambao sijui kuueleza. Haukuwa uso wa kuomba. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba sufuria moto miaka mingi na sasa ameambiwa kuna mahali pa kuitua, ngoja kidogo.

"Tujaribu," nikasema. "Tujiandikishe sasa hivi, wawili kwa pamoja. Mmoja kaunta, mmoja kwa simu. Halafu tuone mashine zitaandika nini."

Wazo hilo walilipenda, maana lilikuwa na mchezo ndani yake. Dada wa kaunta akakaa kwenye kiti chake. Fundi simu akashika simu yake juu, kila mtu aione. Mwenyekiti akajipa kazi ya kuhesabu.

"Nikisema tatu," akatangaza. "Siyo mbili. Moja. Mbili. Wewe mbona unabonyeza?"

"Nilikuwa napangusa kioo, mzee."

"Moja. Mbili. Tatu."

Wakabonyeza. Nikafungua orodha zote mbili, ya kaunta na ya seva, mbele ya watu. Jina la majaribio la simu: 07:41. Jina la majaribio la kaunta: 10:35.

"Saba na kumi," akasema mwenyekiti, akihesabu kwa vidole. "Saba, nane, tisa, kumi. Matatu."

"Matatu," watu wakakubali.

"Kasoro kidogo," akasema fundi simu.

"Kasoro ya dakika haimuui mtu," akajibu mwenyekiti. "Mmebonyeza pamoja, mashine zimetofautiana masaa matatu. Kijana hakudanganya. Orodha ya pili ndiyo orodha. Ijumaa tunatia saini."

Mama mdogo hakupiga vigelegele. Alitoka nje, nikamsikia akimwambia mwenzake muuza ndizi kwamba kizimbani kwake ataweka meza yenye kitambaa cha plastiki chenye maua, siyo ile ya mistari, ile ya mistari inaonekana chafu hata ikiwa safi. Muuza viatu akanipiga bega. Kila mtu alikuwa ameridhika.

Nami, kwa kuwa Mungu aliniumba hivi, nilikuwa natazama ile kasoro kidogo.

Wamebonyeza pamoja. Nilisimama pale nikaona. Simu mfukoni mwangu ilionyesha 10:41, na seva kule mbali ilisema 07:41, ambayo ukiongeza masaa matatu ni 10:41 ileile. Basi seva na simu yangu walikuwa wamoja. Aliyekuwa peke yake ni mashine ya kaunta: 10:35. Ilikuwa nyuma kwa dakika sita.

"Dada," nikamuuliza wa kaunta, "hii saa ya kompyuta uliiweka lini?"

"Asubuhi ile ya kujiandikisha. Ilikuwa inasema mwaka wa zamani kabisa, sijui betri yake imekufa. Nikairekebisha kabla watu hawajaingia. Tangu hapo sijaizima."

"Uliiweka kwa kutazama nini?"

Akaonyesha kwa kidevu. Juu ya kaunta ya mninga, ndani ya boksi la kioo, saa ya ukutani ya ushirika ilikuwa inagonga kwa utulivu wa mtu mwenye pensheni.

"Saa hii," mwenyekiti akasema nyuma yangu, kwa fahari, "imeuza sukari nchi hii kabla baba yako hajaoa. Haijawahi kukosea."

Nikaitazama saa, nikaitazama simu yangu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona jambo lisilo sawa na kunyamaza, na sikupendezwa na jinsi kulivyokuwa rahisi.

Mchana huo nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba na kompyuta yangu, nikijiambia kwamba ninahakikisha tu. Labda watu hawakubonyeza pamoja. Labda dada alichelewa. Lakini kulikuwa na ushahidi mwingine, na bahati mbaya niliutunza mwenyewe. Ile jioni mashine ya kaunta ilipotuma majina, iliandika wakati wa kutuma kwa saa yake. Na seva ilipoyapokea ikaandika wakati wa kupokea kwa saa yake. Kutuma kwenyewe kulichukua muda wa kupiga chafya. Nikazilinganisha hizo saa mbili. Masaa matatu kasoro dakika sita. Tena zilezile.

Maana yake ni rahisi na haina huruma. Kila mtu wa kaunta alikuwa ameandikiwa dakika sita kabla ya wakati wake halisi. Mama mdogo naye. Nikaongeza hizo dakika kwa watu wote wa kaunta, nikapanga tena.

Akawa wa arobaini na mbili.

Fundi simu wala hakuguswa. Yeye alikuwa juu kwa vyovyote. Waliopanda walikuwa watu wa simu nisiowajua hata kwa sura. Ningekuwa na adui mmoja tu kati yao ningejisikia vizuri zaidi, ningesema ninafanya haki hata kwa adui. Hawakuwa adui. Walikuwa majina.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu watu wa mtaani baadaye walinisifu kwa uadilifu, na sifa hiyo ilinikaa kama shati la mtu mwingine. Sikusema kwa sababu ya uadilifu. Kama kungekuwa na njia ya kuzisahau zile dakika sita, ningezisahau. Nilijaribu. Niliosha vyombo visivyokuwa vichafu. Nilijiambia kwamba saa ya ukutani ni ya umma, na walioamka mapema wanastahili kitu kidogo cha ziada, na kwamba mwenye kubonyeza kitandani hajateseka. Hoja nzuri zote. Lakini orodha ilikuwa haijakaa sawa. Mimi ni yule anayerudi kusukuma mlango aliokwisha kuufunga. Ningeiona ile orodha ukutani kila siku ya maisha yangu.

Kesho yake asubuhi nikamfuata mama mdogo kando ya barabara. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Basi la mwendokasi likapita kwenye njia yake, tukangoja kelele ipungue.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja na huo uso?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, naamini, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, bila jua wala ramani. Nikasema saa ya kaunta ilikuwa nyuma. Nikasema nafasi yake halisi.

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe dogo, akalitupa barabarani.

"Dakika sita," akasema.

"Ndiyo."

"Na mwenyekiti anajua?"

"Hapana."

"Nani anajua?"

"Mimi. Na wewe."

"Na mimi umenijulisha ili iweje? Unaniuliza au unaniambia?"

Nilikuwa nimekuja kumwuliza ili aseme acha, na nilitaka kuwa nimemwambia ili asiseme. Vyote kwa pamoja, kama zile mashine mbili.

"Wewe toka mdogo uko hivi," akasema. "Nilikuwa nakutuma chumvi unarudi na chenji na maelezo. Mtoto gani anarudi na maelezo?" Akatikisa ungo. "Kaseme. Usipokwenda utanikondea humu ndani, utaniongezea kazi ya kukutazama. Lakini leo hapa huli. Kanunue chakula kwa hao wa arobaini."

Nikaenda. Mwenyekiti alinisikiliza amesimama chini ya saa yake. Kosa la masaa matatu alilisamehe upesi, kwa kuwa lilikuwa langu. La dakika sita lilimuuma, kwa kuwa lilikuwa la saa.

"Unasema saa ya ushirika inachelewa."

"Dakika sita tu, mzee."

"Labda hiyo seva yako ndiyo inawahi."

"Seva na simu zote zinasema sawa, mzee. Hata yako."

Akatoa simu yake, ndogo ya vitufe, akaitazama. Akaitazama saa ya ukutani. Nilimwona akitafuta njia ya tatu, nami nilimwonea huruma, kwa kuwa mchana wote wa jana nilikuwa naitafuta hiyohiyo.

"Enzi zile," akasema mwishowe, "haikuwa na shida. Kila mtu alikuwa anaitazama hii moja."

Ndilo jambo la kweli kuliko yote lililosemwa katika mkasa ule, ingawa mzee alilisema kwa kujitetea. Saa ikichelewa kwa wote, foleni haijui. Foleni inaharibika pale unapoleta saa ya pili.

Ijumaa walitia saini orodha ya tatu. Walioshushwa walinuna, muuza viatu akabaki ndani kwa nafasi mbili na ghafla akawa mtetezi mkubwa wa sayansi. Mama mdogo akawekwa kwenye akiba, wa pili, akisubiri mtu ashindwe kuja kuchukua kizimba chake. Mmoja alishindwa, akaingia wa akiba wa kwanza. Baada ya hapo wote walikuja. Watu wa Manzese wana tabia mbaya ya kufika wakipewa kitu.

Niliiandika programu upya ingawa hakuna aliyeniomba. Sasa kila mashine inaandika saa ya dunia, na yenyewe inataja kwamba ni ya dunia. Saa ya Dar inaonyeshwa tu pale mtu anaposoma, imeandikwa kwa maneno, asubuhi au mchana, isiwe ya kubishania. Na mashine ya kaunta haikubali kuandikisha mtu mpaka iwe imelinganisha saa yake na seva. Inafanya kazi vizuri sana. Haijawahi kutumika, kwa kuwa vizimba vimekwisha.

Mama mdogo alinisusa majuma mawili, halafu akasahau kunisusa kwa sababu alihitaji mtu wa kubeba maji. Swali moja tu aliniuliza, siku moja tunaosha masufuria.

"Kama saa zote zingekuwa sawa toka mwanzo, hizo za dunia na za ukutani, ningekuwa wa ngapi?"

"Wa arobaini na mbili."

"Hata bila kosa lako."

"Hata bila kosa langu."

Akafikiri. "Basi umenipa kizimba siku moja nzima ambacho sikuwa nacho," akasema. "Nilishachagua hadi kitambaa."

Kitambaa alikinunua, chenye maua. Alikitandika juu ya meza yake kando ya barabara, karibu zaidi na jengo la soko kuliko zamani, ubavuni, penye kivuli cha paa. Waliomo ndani wanatuma watu nje kununua chakula kwake, maana kamati iligawa vizimba arobaini kwa haki tupu na hakuna hata kimoja alichopata mpishi. Mgambo bado wanapita. Yule mteja bado anakula kwanza.

Na kila mchana nikipita kuchukua sahani yangu, ananiuliza bila kuinua macho kwenye sufuria.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na robo, mama mdogo."

"Ya wapi?"

Nami namjibu. Hataki kunipakulia mpaka nitaje ya wapi.